Ujifunze ujuzi gani ukiwa bado kazini: hesabu ya kufanya kabla hujalipa ada

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali moja. Ana kazi, labda anauza duka la jumla pale Igoma hapa Mwanza, labda ni mlinzi, labda anapima samaki Mwaloni Kirumba. Mshahara unaisha tarehe 15. Anataka ujuzi wa pili wa kumwingizia hela bila kuacha kazi, na anauliza: "Kaka, nijifunze nini?"

Mimi ni fundi friji, nina kibanda Buzuruga. Mtu angetegemea nijibu "jifunze friji". Sijibu hivyo, kwa sababu nilishawahi kuchagua kwa kusikia watu wanasema nini. Nikiwa bado nimeajiriwa nililipa ada ya miezi sita chuo kimoja hapa mjini, nikasomea usanifu wa mabango na kadi kwenye kompyuta. Nilifaulu vizuri. Nikaja kugundua kwamba mtaani kwangu walikuwa wameshatangulia vijana wanne wenye kazi hiyo hiyo, na wateja wetu wote kwa pamoja hawakutosha hata mmoja wetu. Ujuzi niliupata kweli, ila sikuwa nimehesabu nani ataununua.

Kwa hiyo hapa siorodheshi ujuzi mzuri. Naeleza jinsi ya kuhesabu wewe mwenyewe, mtaani kwako, ukijiuliza mawili tu: je, kuna wateja wanaokosa huduma katika saa ambazo wewe uko huru? Na hela utakayoitoa itarudi baada ya wiki ngapi?

Uwe na nini kabla ya kuanza

Daftari na kalamu. Saa au simu ya kuangalizia muda. Wiki tatu ambazo hutalipa ada yoyote, hata ukiambiwa nafasi zinaisha. Kiasi cha fedha ambacho kikipotea chote, kodi ya nyumba na ada ya mtoto haviguswi. Kiandike kwa tarakimu, kisiwe "kama laki na kidogo". Na orodha ya ujuzi unaoufikiria, usizidi mitatu. Ukiwa na mitano hutahesabu hata mmoja sawasawa.

Nitafuata hesabu ya dada mmoja anayeuza duka la vifaa vya ujenzi Igoma. Anaingia saa 2 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Alikuwa na akiba ya shilingi 180,000. Orodha yake ilikuwa ufundi simu, ufundi friji na marekebisho ya nguo. Bei zote hapa chini ni zile alizoandika yeye kwenye daftari lake. Za kwako zitakuwa tofauti, na ndiyo maana uende ukaulize.

Hatua ya 1: Andika saa zako za kweli

Usiandike saa unazotamani kuwa nazo. Chukua wiki iliyopita, siku baada ya siku, uandike ulikuwa wapi na lini. Toa kupika, toa ibada, toa msiba, toa safari ya daladala. Dada huyu alidhani ana saa 30 kwa wiki. Alipoandika akabaki na 15: jioni nne za saa mbili na nusu kila moja, na saa tano za Jumapili mchana.

Pembeni ya idadi hiyo andika ni saa zipi hasa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu uhitaji una saa zake. Friji ya muuza nyama ikizima saa 6 mchana, anataka fundi saa 6 na nusu. Hawezi kukusubiri utoke kazini wakati nyama inatoa maji. Nguo ya mtumba inanunuliwa jioni na Jumapili, na aliyeinunua anataka kuivaa kesho.

Wewe unayeishi karibu na ziwa, mtazame mwezi pia. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na taa inavuta dagaa usiku ukiwa na giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi mingi inapumzika, na hapo ndipo nyavu zinashonwa, taa zinakaguliwa na injini zinafunguliwa. Ukitaka kujifunza injini za boti, kazi itakujia kwa mafungu: siku kadhaa kazi ni nyingi mpaka hujui ushike ipi, halafu siku nyingi kimya. Tena fungu hilo linakuja wakati mvuvi hajaingiza hela, kwa hiyo atakwambia "nitakulipa giza likiingia". Uhitaji upo kweli, ila malipo yanachelewa. Hilo liingize kwenye hesabu mapema.

Hatua ya 2: Kaa, hesabu wanaoondoka bila huduma

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, kwa hiyo usiiharakishe.

Watu wakitaka kupima uhitaji wanahesabu mafundi, au wanauliza bei. Vyote viwili vinadanganya. Mafundi wengi huenda wanagombea wateja wachache. Bei kubwa huenda ni ya kazi inayopatikana mara mbili kwa mwezi. Unachotafuta ni mteja aliyekuja na hela mkononi akaondoka bila kuhudumiwa. Huyo ndiye nafasi yako, kwa sababu ukimhudumia humnyang'anyi mtu.

Chagua sehemu moja kwa kila ujuzi. Nenda mara tatu: siku moja ya kazi jioni, Jumamosi, na Jumapili. Kaa saa mbili kila mara, katika saa zile zile ulizoandika kuwa uko huru. Nunua soda, kaa upande wa pili wa barabara, chora mistari mitatu kwenye daftari: waliokuja, walioambiwa wasubiri au warudi siku nyingine, walioondoka na mali yao.

Dada alikaa kwenye benchi la muuza kahawa, mbele ya baraza la fundi cherehani mmoja jirani na wauza mitumba. Katika saa sita za siku tatu walikuja wateja 19. Wanane waliambiwa "njoo keshokutwa". Kati ya hao, watano hawakuacha nguo. Mmoja, kijana mwenye suruali mbili za jinzi, alisimama dakika nzima akilitazama rundo la nguo chini ya meza, kisha akazikunja akaondoka nazo. Dada aliandika pembeni: "huyu alikuwa na 4,000 mkononi".

Kwa mafundi simu alikaa saa sita pia. Walikuwa watatu kwenye safu moja, wateja 13 kwa jumla, na hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kuhudumiwa. Mafundi wawili walikuwa wanacheza drafti sehemu kubwa ya muda. Maana yake kuna mafundi wa kutosha, na wewe ukiongezeka utakuwa wa nne kwenye drafti.

Friji huwezi kuihesabu kwa kukaa, kwa sababu fundi anapigiwa simu. Kwa kazi ya namna hiyo nenda kwa wenye uhitaji. Dada alipita maduka kumi yanayouza vinywaji baridi akauliza maswali matatu: friji yako iliharibika lini mara ya mwisho, ulimngoja fundi siku ngapi, ulilipa kiasi gani. Wanne kati ya kumi walikuwa wameita fundi ndani ya mwaka huo.

Tahadhari: usimwulize mteja "ningekuwa fundi ungeniletea kazi?" Kila mtu atajibu ndiyo kwa sababu ya adabu. Uliza alichofanya mara ya mwisho.

Hatua ya 3: Uliza kama kuna kibali kabla ya shilingi ya kwanza

Baadhi ya kazi huwezi kuzitoza kihalali bila leseni, na muda wa kuipata nao ni muda ambao hela yako imelala. Kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA. Kuendesha abiria kunahitaji leseni ya udereva ya daraja linalohusika. Kushona au kuziba pancha hakuhitaji cheti ili mteja akuamini, anaitazama kazi tu.

Cheti kina faida yake baadaye, ukitaka zabuni au ajira. VETA wanapima na kutambua ujuzi ulioupata mtaani, kwa hiyo kuanzia kwa fundi hakukufungii mlango wa cheti.

Hatua ya 4: Tafuta kipande kidogo kinachouzika

Usijiulize "nitajua ushonaji lini?" Jiulize ni kazi gani moja ndani ya ushonaji ambayo watu wanailipia peke yake, na inajifunzika kwa wiki chache.

Kujifunza kukata na kushona gauni kunachukua miezi mingi. Lakini dada alipoangalia kwenye daftari nguo za wale wateja 19, karibu zote zilikuwa za kazi tatu: kupunguza urefu wa suruali, kubana kiuno au mbavu, kubadilisha zipu. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kupimwa gauni. Basi akaamua kujifunza hizo tatu tu.

Kila ufundi una kipande cha namna hii. Kwenye injini za boti ni kusafisha kabureta, kubadilisha plagi, na kubadilisha mpira wa pampu ya maji ambao mchanga wa ufukweni unaula. Mvuvi ataujua ubovu huo mwenyewe, maana ule mchirizi wa maji ubavuni mwa injini unadhoofika au unakata. Kwenye friji, nakiri, kipande kidogo ni kigumu kukipata: kujaza gesi tu bila kujua imevuja wapi ni kumwibia mteja, na friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a inayowaka moto. Usiwashe tochi ya kuchomelea kwenye bomba ambalo bado lina gesi hiyo. Ndiyo maana simshauri mtu mwenye jioni nne aanze na kazi yangu.

Hatua ya 5: Hesabu wiki za kurudisha hela

Jumlisha kila utakachotoa: ada au shukrani ya fundi, vifaa, nauli, vitu vya kuharibu wakati wa kujifunza. Kisha kadiria kipato cha wiki kwa kutumia wateja *walioondoka* peke yao. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, ongeza wiki za kujifunza.

Ya nguo ilikwenda hivi. Fundi alikubali kumfundisha wiki nne kwa 60,000. Mkasi, futi kamba, sindano, uzi na suruali chakavu za kujaribia, 25,000. Jumla 85,000. Wateja watano walioondoka katika saa sita, kwa saa zake 15 ni kama 12 kwa wiki. Kazi moja ni 2,000 kwa wastani, na zipu mteja anainunua mwenyewe. Hiyo ni 24,000. Walikubaliana atumie cherehani na baraza la fundi kwa nusu kwa nusu, abaki na 12,000, atoe 1,000 ya uzi. Kinabaki 11,000 kwa wiki. Gawanya 85,000 kwa 11,000, unapata kama wiki 8. Ongeza 4 za kujifunza: wiki 12.

Simu: ada 200,000 kwa miezi mitatu, vifaa 150,000. Wateja walioondoka ni sifuri. Hata tukijipa wateja watatu kwa wiki wa kuwachukua kwa jirani, ujira wa 7,000 kila mmoja, ni 21,000. Wiki 17 za kurudisha, na 13 za kujifunza: wiki 30, tena ada peke yake inazidi akiba yake.

Friji: maduka kama mia anayoweza kuyafikia, arobaini yanaita fundi kwa mwaka. Akipata nusu yake, ujira wa 30,000, ni 600,000 kwa mwaka, bila kuhesabu friji za majumbani. Kujifunza na vifaa alitajiwa 900,000. Ni mwaka mmoja na nusu baada ya kumaliza kujifunza, na simu nyingi zitapigwa akiwa kaunta.

Tazama kitu hapa: 11,000 kwa wiki si hela kubwa, na yeye aliliona hilo. Lakini ndiyo pekee iliyoingia ndani ya akiba yake, ndani ya saa zake, na kurudi kabla hajachoka. Cha haraka kinalipia cha polepole.

Hatua ya 6: Jaribu wiki moja kabla ya ada yote

Mwombe fundi ukae naye wiki moja jioni, ulipe robo. Angalia mambo mawili. Je, anakushikisha kazi, au anakutuma chai? Na je, mikono na macho yako yanaivumilia kazi hiyo baada ya saa tisa za kaunta? Dada aligundua siku ya pili kwamba hawezi kutunga uzi kwenye mwanga wa baraza. Alinunua taa ndogo. Angekuwa ameshindwa kabisa, angepoteza 15,000 tu.

Mkubaliane kwa maneno yanayopimika: "nikitoka hapa niweze kupunguza jinzi, kubana kiuno na kubadilisha zipu bila wewe kunishikia". Makubaliano ya "nitakufundisha kushona" hayana mwisho.

Hatua ya 7: Anza kutoza ukiwa bado unajifunza, na uwe na mstari wa kuachia

Wiki ya tatu anza kutoza nusu bei, fundi akikagua. Mteja anayelipa anafundisha kuliko kitambaa chakavu. Andika leo hii idadi ambayo ikikosekana utaacha. Yeye aliandika: "wiki ya nane toka nianze kutoza, nikiwa chini ya kazi 6 kwa wiki, naacha."

Wiki ya kwanza alipata kazi 7, ya nne 14. Kosa lake kubwa lilikuwa suruali ya jinzi aliyoikata kabla mteja hajaivaa na viatu. Ikawa fupi, akalipa 12,000. Kwa hiyo hela ilirudi wiki ya 13 badala ya 12. Siku hizi anamvalisha mteja viatu kwanza, anaweka chaki, anaacha upindo wa sentimita nne, na hakati mpaka mteja amekubali. Kwenye mshono mnene wa pembeni anagonga kwa nyundo uwe bapa, anaweka sindano namba 16, anazungusha gurudumu kwa mkono kupita pale. Ukisikia cherehani inagonga "ta!" na kuruka mishono, simama. Sindano iko karibu kuvunjika.

Ukikwama

*Wateja ni wachache kuliko ulivyohesabu.* Angalia ulihesabu mwezi gani. Kazi za nguo zinaongezeka kabla ya Idi, Krismasi na shule kufunguliwa Januari. Ukihesabu Desemba, punguza nusu. Kazi za wavuvi wa dagaa zihesabu kwenye giza na kwenye mbalamwezi, vipindi vyote viwili.

*Fundi hafundishi.* Mara nyingi anaogopa utafungua baraza mbele yake. Mwambie wazi utafanya kazi kwake kwa mgawo, na wewe uchukue wale anaowarudisha. Akiendelea kukutuma chai wiki ya pili, ondoka. Ndiyo sababu hukulipa yote.

*Bosi amejua.* Ni heri ajue kwako kuliko kwa jirani. Usihudumie mteja wako ukiwa kaunta, na usichukue simu za kazi hiyo kabla ya saa 11. Na kama ujuzi wako unashindana na biashara yake, chagua mwingine kwenye orodha.

*Wanakopa.* Kazi ndogo haikopeshwi, nguo inabaki kwako mpaka hela ifike. Kwa wavuvi chukua angalau hela ya vipuri mapema, ujira usubiri giza.

*Unatamani kununua cherehani yako.* Iliyotumika alitajiwa 280,000. Akiwa nayo angebaki na 23,000 badala ya 11,000, yaani nyongeza ya 12,000 kwa wiki, na cherehani ingejilipa baada ya kama wiki 23 kama wateja wangemfuata nyumbani. Wateja wako barazani kwa fundi, kwa hiyo hajanunua. Anachofanya sasa ni kumwomba fundi amfundishe sketi za shule, jioni mbili kwa wiki, na ada anailipa kwa suruali za watu.